Asilimia 70 ya Nani?

Mpwa wangu ameniletea tangazo la duka. Kaliandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, utadhani anaita mwizi: "BLAKI FRAIDEI MSATA!!! PUNGUZO HADI 70%!!! WAHI KABLA HAZIJAISHA!!!" Nikamuuliza hiyo asilimia 70 ni ya nani, yangu au ya marehemu babu yake. Akanijibu kwa upole wote, "Mjomba, ndivyo wanavyoandika wenzetu."

Hao wenzetu ndio ugomvi wenyewe. Ikiingia Novemba, simu za watu hapa njia panda hazinyamazi. Tarehe 11 linapita punguzo la Wachina, lile lililoanzishwa na Alibaba mwaka 2009. Hatujapumua, linakuja la Wamarekani, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya shukrani, ambayo sisi hatujawahi kualikwa. Waarabu wa Ghuba walau waliona haya: Souq.com walipoanza la kwao mwaka 2014 waliliita Ijumaa Nyeupe. Sisi tumelipokea hivyohivyo. Limetelemka na mabasi ya Arusha na Tanga kutokea Bagamoyo, limepita kwenye mananasi ya Kiwangwa, likaja kusimama mbele ya fremu yangu, siku ambayo saa sita na nusu nafunga duka niende msikitini.

Sasa tukae chini tupige hesabu, maana kijana huyu hesabu hataki, anataka kelele. Pasi ya umeme naichukua Kariakoo kwa 17,500. Nauli ya mzigo, mbebaji, na kile cha konda anachodai kila safari kama ndiyo mara ya kwanza, vyote vikigawanywa, ni 1,500 kwa pasi. Imefika Msata ikiwa 19,000. Nauza 25,000, napata 6,000, na hapo sijagusa kodi ya fremu wala umeme. Nikikata asilimia 70, nauza pasi kwa 7,500. Yaani kila mteja anayeondoka na pasi yangu anaondoka na 11,500 yangu pia, na mimi namsindikiza nikisema karibu tena.

"Basi weka 20," akasema mpwa, kwa sauti ya mtu anayenihurumia. Asilimia 20 ya 25,000 ni 5,000. Pasi inakwenda kwa 20,000, mimi nabaki na 1,000. Kwa kawaida nikiuza pasi 10 napata 60,000. Kwa punguzo hilo, ili nipate 60,000 ileile, inabidi niuze pasi 60. Msata nzima, ukiongeza na Lugoba, nani ana haja ya pasi 60 kwa siku moja? Hata asilimia 10, ambayo inaonekana ya huruma, inaniachia 3,500, kwa hiyo lazima niuze 18 ili nisimame pale nilipokuwa nimesimama bila tangazo lolote. Hiki ndicho watu hawakioni. Punguzo haliukati mkate wote, linaukata ule upande wako tu. Ukipunguza bei kwa moja ya kumi, faida inaondoka karibu nusu.

Sasa hao wakubwa wanawezaje? Kwanza, wengi wao wana hiyo "hadi". Ndani ya soko zima la simuni kuna kifuniko kimoja cha simu kilichokatwa asilimia 70, na vingine vyote vimekatwa tano. Tangazo halijasema uongo, ila limesimama mlangoni pake. Pili, kuna bei iliyopigwa mstari. Unaonyeshwa 48,000 imechorwa katikati, chini yake 24,000. Hiyo 48,000 iliuzwa lini, kwa nani? Kwenye Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2022 muuzaji anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoiuzia bidhaa hiyo ndani ya siku 30 zilizopita. Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, lakini nani atakwenda Dar kushitaki mstari? Dawa ni ndogo tu: ukiona kitu unakitaka, piga picha bei yake mwanzoni mwa Oktoba. Ikifika Novemba utajua ni punguzo au ni bei ileile imevalishwa kanzu.

Tatu, wengine walikuwa wanakula mtaji. Jumia waliorodhesha hisa zao New York Aprili 2019, dunia nzima ikapiga makofi. Novemba ya mwaka huohuo, wiki ileile ya Blaki Fraidei, wakafunga Tanzania. Nilimkumbusha mpwa hilo. Akaniambia wamekuja wengine. Kweli wamekuja, na wengine watakuja. Mimi sina New York ya kwenda kuomba fedha nikikwama. Nina shangazi yake Miono, na yeye bado ananidai.

Basi nikamwambia afute. Bei ya pasi inabaki 25,000, ila atakayenunua siku hiyo anapewa adapta bure. Adapta naiuza 2,500, kwa jumla naipata 1,200. Mteja anaona kapewa kitu cha 2,500, tena kitu anachokishika mkononi, na mimi nimetoa 1,200. Nabaki na 4,800 kwa pasi. Sasa nikiuza 13 nimefika pale pa 60,000 na kuvuka kidogo. Kutoka 18 hadi 13 ni tofauti ya mtu anayelala na mtu anayehesabu mabati.

Halafu nikamwambia aandike mambo ambayo hao wakubwa hawawezi kuyaandika hata wakikodi wasomi. Hawawezi kuandika "tunaijaribu mbele yako". Mimi naweza. Naichomeka kwenye soketi ya dukani, nazungusha kitufe mpaka mwisho, kataa kanawaka, tunasubiri tukiongea habari za mvua. Pasi ikishapata moto, kataa kanapaswa kuzimika kenyewe. Kakiendelea kuwaka tu, ujue kile kidude cha ndani kinachokata moto kimekufa, na hiyo pasi itakutoboa shati la harusi. Hiyo hairuki kaunta yangu. Mama mmoja jirani aliagiza pasi kwenye soko moja la mtandaoni, ikamfikia baada ya wiki tatu na plagi ya miguu miwili ya mviringo, kataa kanawaka usiku na mchana kama msikiti wa Ramadhani. Kuirudisha angelipa nauli kuliko pasi. Anaizuilia mlango.

Nikamwambia aandike pia kwamba ikifa ndani ya miezi mitatu inabadilishwa. Neno hilo linauma, nakiri mapema. Kariakoo hawanipi mimi dhamana hiyo. Pasi moja ikirudi nimepoteza 19,000, karibu faida ya pasi nne. Ndiyo maana siwezi kutoa dhamana na asilimia 20 kwa mpigo. Moja inakula nyingine. Na aandike idadi ya kweli. Zipo 15, basi aandike 15. Hao wa simuni wanaandika "zimebaki 3" na saa inayohesabu kurudi nyuma. Mimi nimeiangalia ile saa. Ilipofika sifuri ikaanza upya, na zile 3 zikawa bado ni 3.

Tukapata hiki, cha kutuma kwa meseji kwa wateja walioacha namba zao kwenye daftari la malipo ya kidogo kidogo:

"Msata njia panda, Ijumaa 28/11: pasi 25,000 na adapta ya 2,500 bure. Zipo 15. Tunaijaribu kwenye umeme mbele yako. Ikifa ndani ya miezi 3, inabadilishwa."

Mpwa akahesabu herufi, nafasi na nukta: 153. Meseji moja inabeba 160, kwa hiyo zimebaki saba. Akazitazama hizo saba kama fisi aliyeona mfupa. Akataka kuweka kale kamoto ka emoji. Kamoto kamoja tu, Mjomba. Sasa hapo ndipo nilipomshukuru fundi simu wa jirani, aliyetueleza kwamba ukiingiza emoji hata moja, meseji nzima inabadilishiwa mfumo wa kuandikwa, na badala ya herufi 160 inabeba 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Tangazo letu lingekuwa vipande vitatu, na nalipa tatu kwa kila mteja. Kamoto kangeunguza mfuko wangu mimi. Nikamruhusu akaweke kwenye stetasi ya Wasapu, ambako moto ni wa bure na saa 24 zikipita unazimika.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa siku ya kutuma. Yeye alitaka Jumatatu, "watu wajiandae". Watu wakijiandaa, mimi nafunga duka. Nani atanunua pasi Jumanne akijua Ijumaa kuna adapta? Tangazo likitoka mapema linaua mauzo ya siku zote zilizo katikati, na hao wote wakija Ijumaa unasema punguzo limefanya kazi, kumbe ni wateja walewale umewahamisha siku. Tukatuma Alhamisi jioni, watu wameshafunga vibanda, wana nafasi ya kusoma.

Ijumaa asubuhi, kabla hata sijapanga ndoo nje, mteja wa kwanza akawa mwalimu aliyenunua pasi Jumatano. Kashika risiti.

"Shikamoo baba. Nimeiona meseji."

"Marahaba mwalimu. Umeiona?"

"Nimeiona yote."

Kama ningekuwa nimekata bei, hapo ningemrudishia fedha taslimu, au angeisimulia shule nzima mpaka Desemba. Nikafungua sanduku, nikampa adapta. Akaigeuza, akaitazama matundu, kisha akauliza kama naye anaruhusiwa kuijaribu kwenye umeme mbele yangu. Tukaijaribu. Nyuma yake foleni ya watu wawili ikawa inatazama, na mmoja akachukua pasi.

Mpaka jioni zilitoka 14, na hiyo ni baada ya kufunga saa nzima ya swala ambayo mpwa aliihesabia kama hasara. Ukitoa adapta ya mwalimu, nimevuka ile 60,000 kwa fedha ya kununulia samaki, si zaidi. Yeye ameshapata habari kuna punguzo jingine tarehe 12 Desemba, kumi na mbili kumi na mbili, na ameshaandika tangazo. Nimemwambia sitaki kulisoma. Aniletee daftari kwanza, aniandikie hiyo faida inatokea wapi, ndipo nimnunulie bando.