Kopo la biskuti la wifi

Wiki ya mwisho kabla ya Idi, wifi yangu wa Tanga alisafisha kabati la dawa. Ni mwanamke wa usafi wa kweli, na kabati lile lilimkera siku nyingi kwa maboksi yake yaliyochakaa, karatasi za maelezo zilizokunjwa ovyo na vichupa vilivyobaki nusu. Akayachoma maboksi. Vidonge vya zinki vya mwanawe alivikata kwa mkasi, kimoja kimoja, ili vikae vizuri. Vile vikubwa vya mama mkwe, vya kuchemka kwenye maji, alivimwaga kutoka kwenye mrija wao kwa sababu mrija ulimfaa kutunzia sindano. Kichupa cha kahawia cha baba mkwe nacho akakitoa vidonge vyake vidogo, akakiosha, akatia mafuta ya mkaratusi. Vyote vikaingia kwenye kopo moja la biskuti lenye mfuniko wa maua, likawekwa juu ya friji.

Siku ya tatu, baba alirudi kutoka msikitini akaketi barazani mkono ukiwa kifuani. Kifua kinambana, akasema. Wifi akalikimbilia kopo, akatafuta kile kidogo kabisa, akampa na kikombe cha chai ya tangawizi ili ashushie. Dakika kumi zikapita, kifua kikiwa vilevile. Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Mimi ni mfamasia, naishi Dar es Salaam, na katika ukoo huu dawa yoyote isiyoeleweka huletwa kwangu.

"Wifi, baba nimempa dawa yake na haisaidii. Nikupigie picha uione?"

"Picha baadaye. Yuko wapi? Amekaa?"

"Amekaa."

"Asisimame, asitembee. Mwite shemeji alete gari hadi mlangoni, mwende hospitali sasa hivi."

Mtu mwenye maumivu ya kifua ambayo hayajatulia dakika tano baada ya dawa hangoji kidonge kitambuliwe. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Picha ikaja wakiwa wameshaondoka, na hapo ilikuwa na maana, kwa kuwa hospitali wangeuliza mzee amemeza nini.

Ilionyesha vidonge vitatu vyeupe juu ya kitambaa cheupe cha meza, vimepigwa kutoka juu chini ya taa. Picha ya namna hiyo haimwambii mtu kitu. Kidonge kikipigwa peke yake hujaa kioo cha simu. Cha milimita tano na cha sentimita mbili na nusu huonekana sawa. Nikamwomba mama mkwe, aliyebaki nyumbani na mtoto, aweke sarafu ya shilingi 200 pembeni, atumie kitambaa cha rangi, asogee dirishani, apige moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, kisha ageuze kila kipande cha pakiti nione maandishi ya nyuma.

Picha za pili zilisema mengi. Cha kwanza kilikaribia upana wa sarafu, kinene, bapa, kingo zake zimekatwa mshazari. Umbo hilo ni la vidonge vya kuchemka, ambavyo hubeba asidi ya sitriki na baikaboneti, vitu viwili vinavyosubiri maji ili vitoe gesi, na ndiyo maana huwa vikubwa kuliko dawa iliyomo. Maji yenyewe si lazima yawe ya glasi, kwani unyevu wa hewa ya Tanga unatosha. Kwa hiyo kwa kawaida huwezi kuvikuta kwenye pakiti yenye vijumba vya plastiki inayoonyesha ndani. Hukaa kwenye mrija wenye mfuniko uliojazwa chembe za kufyonza unyevu, au kila kimoja ndani ya foili pande zote. Kwenye picha ya ubavu niliona uso wa kidonge umevimba vipelevipele na ukingo umeanza kumomonyoka. Siku tatu ndani ya kopo zilitosha kuanza kazi ambayo ilipaswa kufanyika ndani ya glasi.

Nikamuuliza mama anavitumiaje. Akaniambia kwamba jana, kwa kuwa mrija haukuwepo wa kumkumbusha, alikiweka mdomoni akakitafuna kama kidonge cha kutafuna. Povu likamjaa, likampanda puani, akakohoa mpaka machozi. Alisimulia akicheka, lakini mimi niliogopa, kwa kuwa mtu anaweza kupaliwa na povu lile. Kidonge hicho hutiwa kwenye nusu glasi ya maji au zaidi, husubiriwa mpaka mchemko uishe kabisa, ndipo maji yote yanywewe.

Jambo jingine lilinisumbua zaidi ya povu. Vidonge vile ni parasetamoli ya miligramu 500, na mama anavitumia kwa magoti, viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Parasetamoli yenyewe kwa kiasi hicho haijavuka mpaka wa mtu mzima. Shida ni ile baikaboneti, ambayo ni ya sodiamu. Kidonge kimoja cha aina hii hubeba karibu miligramu 400 za sodiamu, kwa hiyo sita ni karibu 2,400. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, na hapo chakula chote kimehesabiwa. Mama ana presha. Ameacha kutia chumvi kwenye mchuzi tangu daktari amwambie, akiumia moyoni kila anapopika samaki wa nazi, na huku anakunywa zaidi ya kijiko cha chai cha chumvi katika glasi tatu za maji ya dawa.

Kidonge cha pili hakikufika nusu ya upana wa sarafu. Umbo lake halikuwa na lolote la pekee. Duara, cheupe, na mstari katikati. Vidonge mia vya magonjwa mia vinafanana nacho. Kilichokitambulisha ni kipande cha foili kilichobaki mgongoni, chenye herufi zilizosalimika mkasi. Nilikuza picha nikasoma DISPERS, na chini yake 20 mg. Neno zima ni DISPERSIBLE, au kwenye pakiti nyingine DT, yaani kidonge kinachosambaa kwenye maji kidogo. Ukijumlisha na miligramu 20, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili aliyekuwa na kuhara juma lililopita, ni zinki. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa kwenye ncha ya pakiti, na ncha ilishaungua pamoja na maboksi.

"Mtoto mnampaje, mama?"

"Mama yake anakitia kwenye glasi ya juisi ya embe. Anakunywa kidogo, anaikataa."

Nilielewa jinsi wifi alivyofikia hapo. Cha bibi huingia kwenye glasi, basi na hiki kiingie kwenye glasi. Lakini hivi viwili vinafanana kwa kukutana na maji tu. Cha kuchemka huyeyuka, na maji hubaki karibu safi. Hiki hakiyeyuki kikaisha. Huvunjika kikawa unga laini uliotawanyika, maji yakawa meupe ya mawingu, na ukiyaacha unga unatua chini. Mtoto aliyekunywa funda tatu za juu ameacha sehemu kubwa ya dawa kwenye kitako cha glasi, na hakuna anayeweza kusema amepata miligramu ngapi. Maji yanayotakiwa ni kijiko cha chai kimoja au viwili, yaani mililita tano hadi kumi, ama maziwa ya mama yaliyokamuliwa, ama maji ya ORS. Unaweka kidonge kijikoni, hata dakika moja haiishi kimesambaa, unampa mtoto papo hapo, kisha unasuuza kijiko kwa maji kidogo na kumpa nayo. Kwa umri wake ni kimoja kwa siku, siku kumi mpaka kumi na nne, hata kama kuhara kumekoma. Chini ya miezi sita huwa nusu, na ule mstari wa katikati unasaidia kukigawa.

Usije ukategemea maji kukutambulishia kidonge. Kinachotoa povu kitajionyesha, kweli, lakini vidonge vingi vya kawaida vya kumeza navyo huporomoka vikiachwa kwenye maji, na kuporomoka huko hakuvifanyi kuwa vya kusambaa. Ushahidi ni maandishi.

Cha tatu hakikuwa na maandishi kabisa. Kilikuwa kikubwa kidogo tu kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilikijua kwa sababu naijua dawa ya baba, na kwa sababu mama alikumbuka kichupa cha kahawia. Kwa picha peke yake nisingethubutu kukitaja. Ni gliseril trinitreti, ya kuweka chini ya ulimi, na kwenye kibandiko cha kichupa lilikuwapo neno SUBLINGUAL kabla halijaoshwa. Hapo chini ya ulimi ngozi ni nyembamba na mishipa iko karibu, dawa inapita moja kwa moja kwenye damu na kulegeza mishipa ndani ya dakika chache. Ikimezwa inapitia ini kwanza, na ini huiharibu karibu yote kabla haijafika kunakotakiwa. Chai ya tangawizi iliisafirisha dawa ya baba mpaka kwenye ini.

Hata kama angeiweka chini ya ulimi, sina hakika ingemsaidia vya kutosha. Dawa hii hupotea hewani. Hukaa kwenye kioo cheusi chenye mfuniko wa kubana, bila pamba ndani, na kichupa kikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nane hata kama vidonge vimebaki. Kopo la biskuti, juu ya friji yenye joto, lilikuwa likiifukuza tangu siku ya kwanza.

Nilimpigia shemeji akamweleza muuguzi: gliseril trinitreti moja, imemezwa, huenda imepungua nguvu. Baba alilazwa usiku mmoja. Alipotoka alipewa kichupa kipya, nikamsomesha kwa simu huku wifi akisikiliza: kaa kwanza, kwa sababu dawa hushusha presha na aliyesimama anaweza kuanguka; mdomo ukiwa mkavu lowanisha kwa funda la maji kabla; weka chini ya ulimi, usitafune, usimeze, usinywe kitu mpaka kiishe. Kichwa kikigonga ni kawaida. Dakika tano zikipita na maumivu yapo, gari liitwe, na kidonge cha pili kiwekwe wakati mnasubiri.

Wifi alilia siku ile, na baba ndiye aliyembembeleza. Vidonge vya kopo vilirudishwa duka la dawa vyote, zinki nayo, kwa kuwa tarehe haikujulikana. Mtoto alinunuliwa pakiti nyingine. Kilichobaki kilikuwa magoti ya mama. Nilimwomba ahamie parasetamoli ya kawaida ya kumeza, dawa ileile kwa kiasi kilekile bila sodiamu ile. Akasema ile ya kuchemka humtuliza haraka. Ni kweli, huwahi kidogo. Tukavutana karibu wiki nzima, mpaka alipopima presha yake akaniletea namba mwenyewe.