Jinsi ya Kumwandikia Mpiga Picha Aondoe Plasta Usoni mwa Mwanao

Siku ya picha ya darasa hutangazwa mapema, na kila darasa lina mtoto anayesubiri mpaka jioni ya kuamkia siku hiyo ndipo adondoke kutoka juu ya mpera. Asubuhi yake amesimama mstari wa pili, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na nyusi ya kulia imekatwa katikati na plasta pana kama stempu ya posta. Sampuli zikifika nyumbani, mzazi hushika kalamu. Utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, simulia ajali yote. Anza na mpera wa jirani, ulimkataza mara ngapi kuupanda, nani alimsukuma nani, na maneno ya muuguzi wakati anashona nyuzi mbili. Mpiga picha aliyepiga shule nzima siku moja ana kiu ya habari hizi. Akimaliza ukurasa wa pili atakuwa amewajua majirani zako wote, ila hajajua bado mtoto mwenyewe ni yupi.

Pili, mtambulishe mtoto kwa sifa zake. "Ni yule mchangamfu" inatosha kabisa katika darasa la watoto sitini. Ukiwa na roho ya huruma, taja namba ya picha, mstari, na nafasi yake ukihesabu kutoka kushoto kwa anayeitazama picha. Kushoto kwa mtoto ni kulia kwako. Ukizichanganya hizo mbili, mtoto wa mwenzio ndiye atakayerudi na uso mpya.

Tatu, amini kwamba chini ya plasta kuna nyusi. Kwa mtoto ipo. Kwenye picha haipo. Kamera ilinasa plasta tu, na hakuna kitufe cha kuibandua. Mpiga picha hufunika kwa ngozi ya kuazima. Photoshop ina brashi iitwayo `Healing Brush`, iliyoingia na toleo la 7.0 mwaka 2002: huchota ngozi ya jirani, kisha huipatanisha na rangi na mwanga wa mahali inapopakwa. Kwa plasta ya shavuni, kazi ni ya dakika chache.

Nyusi ni habari nyingine, kwa sababu jirani yake ni paji la uso, na paji halina nywele za kuazimisha. Atalazimika kuchukua nyusi ya pili na kuigeuza, na hapo jua lililokuwa kushoto kwa darasa zima litamwangaza mwanao peke yake kutoka kulia. Dawa yake ni picha ya karibuni ya mtoto akiwa hana plasta, anatazama mbele, mwanga ukitoka upande uleule. Itume WhatsApp kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida hubanwa, na vinywele vya nyusi hugeuka ukungu. Wazazi wazoefu hutuma pasipoti ya chekechea.

Nne, ongeza maombi madogo. Kwa kuwa kompyuta imeshawashwa, naye arudishe jino lililong'oka, anyooshe kola, na amfanye mwalimu wa darasa atabasamu.

Tano, ngoja nakala zichapwe. Picha ya darasa huchapwa kwa wazazi wote. Ukichelewa, utakuwa na picha ya mtoto asiye na jeraha, na wazazi wengine wote watakuwa na ushahidi.

Asiye na muda wa hatua zote hizo aandike hivi:

*Kaka, habari za kazi. Nazungumzia picha ya Darasa la Tatu B, namba 412, mstari wa pili kutoka mbele, mtoto wa nne kutoka kushoto kwa mtazamaji. Naomba uondoe plasta iliyo kwenye nyusi, pamoja na kivuli chake. Kovu la kidevuni liache, ni lake la siku zote. Nimekutumia picha ya mwezi uliopita inayoonyesha nyusi nzima. Naomba bei kabla hujaanza, na sampuli kabla hujachapa. Ile ya awali usiifute.*

Sampuli ikija, ikuze. Kivuli cha ukingo wa plasta kikisahaulika, mtoto ataonekana kapakwa masizi. Ukiona vipele viwili vinavyofanana kabisa, kipande kimoja cha ngozi kimetumika mara mbili. Na sehemu ikiwa laini kuliko uso uliobaki, brashi imepita mara nyingi mno.

Ukiridhika, lipa. Kisha jiandae kumjibu mwenye uso, aliyetoza wenzake peremende wiki nzima ili waione plasta hiyo kwa karibu, na ambaye katika barua zote hizi hakuna aliyemuuliza.