Usiwe na Wasiwasi Wowote

Ami yangu huuza makuti. Akina mama wa Gede na Msabaha humsukia, naye huwalipa taslimu jioni ileile. Kisha hupakia lori na kuwapelekea wenye hoteli na nyumba za wageni, Kilifi hadi Malindi, ambao humlipa baada ya siku 60. Siku 60 za pwani zina tabia zake: zikianza Aprili, masika yamefunga hoteli nyingi, huenda zikaisha Agosti. Basi mwaka huu akaamua mawili kwa mkupuo: mteja atangulize nusu, na pesa ziingie benki nyingine, yenye tawi karibu na stoo yake.

"Ila wasishtuke," akasema. Akaenda saiba, na kwa kuwa alikuwa amesahau nywila yake, akatumia anwani ya kijana wa saiba. Niliiona barua ilipokwisha kwenda:

"Kwa heshima na taadhima, mpendwa mteja, usiwe na wasiwasi wowote. Hakuna tatizo lolote. Akaunti yetu ya zamani iko katika ukaguzi mdogo tu, kwa hiyo tuma malipo yote leo kwenye akaunti mpya iliyo hapa chini. Usisumbuke kupiga simu, niko shambani, hakuna mtandao."

Nilipomuuliza ukaguzi gani, alisema hakuna, ila neno lenyewe linatuliza.

Adhuhuri haijafika, mhasibu wa hoteli moja Watamu alikuwa ameshazuia shilingi 240,000 zilizokuwa tayari kutoka. Mwenye hadiwea wa Kilifi alijibu kwa mstari mmoja: "Mwizi wewe, mwenye makuti namjua, hajui neno taadhima." Wengine waliuliza kama benki imeanguka, na siwalaumu, waliokuwa na pesa Imperial Bank Oktoba 2015, au Chase Bank Aprili 2016, wakisikia "tumehama benki" hushika mfuko kwanza. Naye mama wa Kiitaliano mwenye nyumba Malindi alipiga simu kuuliza kama ami ametekwa, kisha akataka IBAN, ile namba ndefu ambayo kwao kila akaunti inayo. Kenya haitumii IBAN. Hapa mtu hutoa namba ya akaunti, tawi na msimbo wa SWIFT wa benki. Ami akamjibu ukweli mtupu: "Hiyo sina." Mama akakata simu.

Kwa hakika ami alikuwa ameandika barua ya mwizi, neno kwa neno, bila kuwahi kuiona. Wezi wa aina hii huingia kwenye barua pepe za mfanyabiashara, husoma ankara kimyakimya, na deni likikaribia kulipwa humwandikia mteja kutoka anwani inayofanana: akaunti iko kwenye ukaguzi, tuma kwingine, leo, usipige simu. Mwaka 2023 pekee, FBI ya Marekani iliripotiwa hasara ya karibu dola bilioni 2.9 za utapeli wa barua pepe za kibiashara. Upole haumtofautishi mwizi na mkweli. Mwizi ni mpole kuliko ami.

Jioni tukaandika upya, kwa anwani yake mwenyewe, barua mbili za siku tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya masharti peke yake: oda za kuanzia tarehe 1 Julai, nusu wakati wa kuagiza, nusu iliyobaki siku 14 baada ya mzigo kufika. Sababu ilitosha sentensi moja, kwamba wasukaji hulipwa siku hiyohiyo. Utata ulikuwa kwenye mzigo wa Watamu, uliopelekwa Juni: unalipwa lini, na wapi? Tukaandika kwamba mizigo ya kabla ya Julai inabaki na siku zake 60, na kila ankara ilipwe kwenye akaunti iliyochapishwa juu yake. Akaunti ya zamani tukaiacha wazi hadi mwisho wa Septemba, maana akaunti ikifungwa ghafla, mteja ana haki ya kunusa harufu.

Barua ya pili ilikuwa ya benki. "Usiwe na wasiwasi" tukaifuta, kwa sababu anayeisoma huanza kutafuta wasiwasi wa kuwa nao. Mahali pake tukaweka: "Kabla ya kulipa, nipigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si namba yoyote utakayoletewa kwa barua pepe. Nitakusomea akaunti mpya mwenyewe. Kisha tuma shilingi 100 za majaribio, nami nitakupigia zikifika."

Ami alinung'unika kwamba tunawafundisha wateja kumshuku. Lakini simu zilikuja, akasoma namba hadi sauti ikakauka, na mia mia zikaanza kuingia. Hoteli ya Watamu peke yake ilituma 50. Akampigia mhasibu kuuliza zilizobaki ziko wapi.

"Mzee," mhasibu akamjibu, "si masharti mapya ni nusu kwanza?"