Mwanafunzi Aliyeiva Kabla ya Mtihani

Ofisi zetu zina mapenzi ya ajabu na wanafunzi wa fildi. Zinamtaka kijana aripoti tarehe 1 Julai, akae miezi mitatu, na asiombe ruhusa hata siku moja. Kwamba mtihani wake wa mwisho ni tarehe 12, hilo ni tatizo la chuo.

Barua ya chuo inasema wiki 8. Ukianza Jumatatu tarehe 15 Julai, unamaliza Ijumaa tarehe 6 Septemba, Nane Nane ikiwemo. Mwenye sapu Septemba anabaki na siku chache za kufungua daftari. Lakini meneja anajibu, "Kwetu utaratibu ni miezi mitatu," kana kwamba kuna mshahara wa miezi mitatu. Hata nauli hakuna! Kazi yenyewe ni kutoa kopi.

Kijana, peleka ratiba ya mitihani pamoja na barua ya chuo mapema, na tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza, ziandikwe kwenye barua ya kukubaliwa. Ahadi ya mdomo haisainiwi kwenye logibuku.