Nina Uso wa Mtu wa Kuuziwa

Pale steji ya Kanduyi wachuuzi huruka madirisha yote ya matatu wakaja langu moja kwa moja. "Mzee, asali safi ya Mlima Elgon!" Nami natoa pesa. Ningefanyaje? Mama mkwe yuko kwangu anakohoa, na mama watoto ameshasema nisirudi mikono mitupu.

Mama mkwe alionja kwa ncha ya kidole. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, kwa upole ule unaouma, kama hii ni ile dawa ya kifua ya watoto.

Basi ploti nzima ikajaa maprofesa. Mmoja akasema chovya kijiti cha kiberiti, kikiwaka asali ni safi. Nikachovya. Kikawaka! Nikatamba uani nimekishika juu. Mwalimu mstaafu wa kemia, jirani yangu, akaniharibia siku. Eti kijiti kinapima maji tu. Sukari ikichemshwa hadi ikawa nzito, kijiti kinawaka vilevile, na asali halisi iliyovunwa mbichi inaweza kukizima. Nikamwambia basi nitaiweka kwenye glasi ya maji, nione kama inazama. Akasema hata sukari nzito huzama. Je, sisimizi? Sisimizi hawana cheti, wanakula zote mbili. Na huku kwetu sukari nguru imejaa sokoni, rangi yake ya kahawia, iyeyushe kwa maji moto na hata mimi nitaapa nyuki wameipitia.

Mwalimu akanituma kibandani kwenye mzani. Chukua chupa moja, akasema, ipime tupu. Weka maji hadi alama, pima. Mwaga, kausha, weka asali hadi alama ileile, pima tena. Toa uzito wa chupa kila mara. Asali nzuri ni nzito kuliko maji kwa mara moja na nukta nne hivi. Maji yangu yalikuwa gramu 500. Asali ilipaswa kukaribia 700. Wateja wote wa kibanda wameinama juu ya mzani, hata waliokuja kununua kiberiti. 660! Mtu akacheka. Mwalimu akaeleza kwamba sukari iliyoyeyushwa majini hadi maji yakakataa kumeza zaidi hufika hapohapo, 660 na kitu. Au ni asali ya kweli iliyolainishwa na maji ya sukari. Mzani hauwezi kutofautisha. Na aliyechemsha sukari hadi ikakauka zaidi atafika 700 bila shida, kwa hiyo mzani unamkamata mwizi mvivu peke yake. Mwenye bidii hukamatwa maabara, wanapima aina ya kaboni. Miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na maua mengi ya nyuki, na alama hiyo haitoki hata uichemshe usiku kucha. Maabara! Mimi nauli ya Webuye inanitoa jasho.

Nikahamia supamaketi. Chupa ina nyuki anayetabasamu, ina alama ya KEBS. Mama watoto akasema alama inachorwa na yeyote, tuma namba yake. Unaandika SM#, unafuatisha namba ya kibali bila nafasi, unatuma 20023. Jibu likaja: kibali ni cha maji ya kunywa. Angalau hawakudanganya kabisa. Nikaenda kwa chupa nyingine, hiyo jina la kampuni na bidhaa vikalingana. Lakini kibali ni cha kiwanda, hakimchungi anayejaza chupa kuukuu nyuma ya duka, kwa hiyo nikakagua kifuniko kama kimefungwa vizuri.

Sasa kinachoniuma kweli. Kulikuwa na mzee wa Kapsokwony, ana mizinga yake, aliniuzia asali zamani. Ilipoingia baridi ikaganda, nyeupe, laini. Nikapanda hadi kwake nikamwita mwizi wa sukari mbele ya wajukuu zake. Alinirudishia pesa zangu bila neno. Kumbe asali halisi huganda! Ni ile sukari yake ya asili inageuka chembechembe, na ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyounguza mkono, inarudi. Mwalimu aliponiambia nilitaka kuzama mimi.

Nikarudi kwa yule mzee wa Kapsokwony na kilo ya majani chai. "Mzee wangu, naomba masega." Akanionyesha sega ambalo nyuki wamefunga vyumba vyake kwa nta, kwamba hilo limeiva, na lingine lililo wazi, ambalo akilikamua litachacha na kutoa povu. Akalirudisha mzingani. Alijua nyuki wake wanakula wapi, mwezi gani, nani jirani ana miti ya maua. Yule wa Kanduyi nilipomuuliza alisema, "Mlimani."

"Utaniuzia lini?" nikauliza.

"Mavuno yajayo. Kuna foleni."

Akafungua daftari. Nimeandikwa mwisho. Juu yangu, kwa kalamu nyekundu na malipo ya mapema, ni jina la mama mkwe.