Jina Langu ni Dkt.

Kuna salamu ambazo huzikuti popote isipokuwa kwenye makongamano. Mtu anakujia na tabasamu la kufahamiana miaka mingi, mkono ameshaunyoosha, lakini macho hayako usoni kwako. Yameteremka tumboni, yanapekua. Baada ya kupekua bila mafanikio anasema, “Ahaa, kumbe na wewe umo, mheshimiwa!” Huyo “mheshimiwa” ni kila mtu ambaye beji yake imegoma kusomeka. Wanawake wanakuwa “mama”, wenye mvi wanakuwa “mzee wangu”, na mazungumzo yanafika hadi chai ya saa nne bila yeyote kujua alikuwa anaongea na nani.

Mimi hukaa upande wa pili wa meza. Ukiacha kazi yangu ya mshahara, hualikwa kusaidia usajili: kupanga beji kwa alfabeti, kumkabidhi mgeni mfuko wenye kalamu isiyoandika, na kumwelekeza choo kilipo. Nimezikalia meza hizo Dar, Dodoma na Zanzibar, lakini ninayotaka kusimulia yalitokea Arusha, kwenye kongamano ambalo sitalitaja kwa sababu waandaaji wake bado wananipa kazi.

Beji zilifika jioni ya kuamkia ufunguzi, ndani ya boksi, zimeshachapwa na kutobolewa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameagiza jambo moja la busara kabisa: jina la kwanza la kila mshiriki liandikwe kubwa. Kijana wa kompyuta alikuwa na orodha kwenye Excel, majina yote yamo kwenye safu moja kama kila mtu alivyojiandika. Akaiagiza kompyuta ichukue neno lolote lililo kabla ya nafasi ya kwanza:

```
=LEFT(A2,FIND(" ",A2)-1)
```

Fomula haina kasoro. Ingefanya kazi vizuri sana katika nchi ambayo watu hujitambulisha kwa majina yao. Sisi hutanguliza vyeo. Nilipofungua boksi nikakutana na Dkt., halafu Dkt., halafu Dkt. mwingine, kisha Mhe., Prof., Mch., Bi., Bi., Alhaji na Mhandisi, vyote kwa herufi nene nyeusi. Jina lenyewe lilikuwa chini yake, dogo, limejibanza pamoja na anwani ya barua pepe. Asubuhi foleni ya herufi D ingetoka nje ya mlango hadi kwenye maua, na foleni ya herufi K, ambayo kwa kawaida hubeba akina Kassimu na akina Kimaro wote, isingekuwa na mtu.

Kulikuwa pia na msanii mmoja kijana aliyejisajili kwa jina moja tu, kama wasanii walivyo. Jina moja halina nafasi ndani yake. Fomula ikatafuta nafasi, haikuiona, ikalalamika kwa lugha yake, na printa ikachapa malalamiko hayo kwa uaminifu. Beji yake ilisomeka #VALUE!. Alipopita jioni ileile kuichukua, aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaniuliza kwa upole, “Kaka, hii ndiyo nywila ya waifai?”

Dawa ya mambo haya haimo kwenye kompyuta, imo kwenye fomu ya usajili. Weka swali lenye kisanduku chake: “Ungependa uitwe nani ukumbini?” Cheo kiwe na kisanduku chake, jina kamili kisanduku chake. Anayetaka kuitwa Profesa ataandika Profesa, na hiyo itakuwa hiari yake, siyo uamuzi wa fomula. Anayejulikana na nchi nzima kama Mama Zuu ataandika Mama Zuu, na watu watampata.

Tukaamua kuchapa upya usiku uleule. Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa ukubwa wa herufi, nami nikaomba futi ya mezani. Watu wawili wanaoelekeana ukumbini huanza kulihitaji jina wakiwa kama mita tatu, kabla mikono haijakutana. Wakishapeana mikono muda wa kusoma umepita. Kwa usomaji wa raha mimi hugawanya umbali kwa 200. Mita tatu ni milimita 3,000, kwa hiyo herufi kubwa inatakiwa kusimama milimita 15. Kwenye kompyuta, herufi kubwa huchukua takriban saba ya kumi ya ukubwa unaouchagua, na pointi moja ni milimita 0.35. Ukipiga hesabu unapata karibu pointi 60. Majina halisi kwenye beji za kamati yalikuwa pointi 14, ambazo kwa kanuni hiyohiyo zinasomeka vizuri kutoka sentimita 70. Huo ni umbali wa watu wanaocheza muziki wa taratibu.

“Pointi 60 haziingii,” akasema katibu wa kamati. “Nembo tutaziweka wapi?”

Nembo zilikuwa sita. Pamoja nazo lilikaa jina la kongamano, refu, na kaulimbiu yake, ndefu zaidi, na tarehe, na mahali. Nikamwuliza katibu kama kuna mshiriki yeyote ambaye, akiwa amekaa ndani ya ukumbi, chini ya bango lenye upana wa jukwaa zima, atasahau yuko kwenye kongamano gani. Akafikiri. Akasema yupo mjumbe mmoja, lakini huyo hata beji haitamsaidia. Tukakubaliana nembo moja ibaki, ndogo, chini, na nyingine zihamie kwenye mfuko.

Kadi zetu zilikuwa A6 zilizolazwa, yaani upana milimita 148. Ukiacha sentimita moja kila upande zinabaki 128. “Ali” kwa Arial nene ya pointi 60 huchukua milimita 27 na kubakiza uwanja wa kuchezea mpira. “Mwanahamisi” huchukua 138, na hapo anatoka nje ya mpaka. Kijana akataka kuwapunguza watu wote hadi Mwanahamisi aenee, utaratibu ambao ungemfanya Ali aonekane kwa darubini bila sababu. Akataka tena kumkata Mwanahamisi katikati kwa kistari. Tukampunguza Mwanahamisi peke yake hadi pointi 55, akaingia kwa milimita 126, na hakuna aliyeona tofauti. Jambo moja zaidi: usiandike jina zima kwa herufi kubwa. Linanenepa na kula nafasi.

Kumbe tulikuwa hatujafika kwenye rangi. Kamati ilishanunua kamba za shingoni: nyekundu kwa watoa mada, kijani kwa washiriki, bluu kwa wanahabari, nyeupe kwa madereva na walinzi. Kijani na njano pamoja nilishashauri mapema visiguswe, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Lakini nyekundu peke yake nayo ina mambo yake, na wiki ile ilikuwa ya mechi ya Simba na Yanga.

Mtoa mada wa kwanza, profesa mtu mzima mwenye suti ya kijivu, aliiangalia kamba yake akairudisha mezani. “Mwanangu, mimi mwanachama wa Yanga mwenye kadi, na nyekundu wapi na wapi?” Akachomoa ya kijani kwenye rundo akaivaa. Ile nyekundu ikaokotwa na dereva wake, mwana Simba damu, aliyesema nyeupe ilikuwa inachafuka. Mlinzi wa jukwaa alikuwa amepewa maelekezo ya rangi na akayafuata neno kwa neno. Profesa akazuiwa kwenye ngazi. Dereva akaketishwa mstari wa mbele, akaletewa maji, na mshereheshaji akamwinamia kumwuliza kama mada yake iko kwenye flashi au kwenye barua pepe. Dereva akajibu kwamba iko kwenye gari.

Hata kusingekuwa na mechi, mpango ule ungetuangusha. Wapo watu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Taa za jukwaani zikiwashwa, bluu iliyopauka na kijani kilichopauka vinakuwa ndugu. Na kamba hubadilishwa, huazimwa, husahaulika hotelini. Rangi ya kazi ya mtu inatakiwa iwe kwenye kadi yenyewe, kwa mkanda wa chini wenye upana wa sentimita mbili hivi, na juu ya mkanda huo pawe na neno: MTOA MADA, MSHIRIKI, MWANAHABARI. Herufi nyeupe zikae juu ya rangi iliyokolea. Juu ya njano zinapotea kabisa. Asiyeiona rangi atasoma neno, na aliye mbali asiyeweza kusoma neno ataona rangi. Kamba zote ziwe za namna moja, ikiwezekana rangi isiyo na timu.

Sasa tundu. Kwenye beji za kwanza nembo ya mfadhili mkuu ilikaa katikati, juu kabisa, na fundi wa steshenari, kwa heshima, hakutaka kumtoboa mfadhili. Akalisogeza tundu pembeni sentimita mbili. Kadi inayoning’inia hutafuta kuweka uzito wake chini ya tundu, haijali ulivyoipanga. Kwa kadi ya A6 iliyolazwa, tundu likiwa karibu na ukingo wa juu na limehama sentimita mbili, kadi inainama nyuzi 24 hivi. Ukumbi mzima ungesomana vichwa vikiwa vimelala begani, kila mmoja akiwaza kwamba mwenzake ana shingo mbaya.

Tundu la katikati linaondoa kuinama ila haliondoi ugonjwa wa pili, ambao ni kugeuka. Kadi iliyoshikwa sehemu moja inazunguka kwa upepo wa feni au kwa hatua za mwenye nayo, kisha inatulia na mgongo mweupe nje, na mtu anapita siku nzima akiwa hana jina. Dawa ni matundu mawili, moja kila kona ya juu, na kamba yenye vibanio viwili. Kila tundu likae kama sentimita moja kutoka ukingoni. Karibu zaidi karatasi inachanika kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikwishanunua kamba za kibanio kimoja, kwa hiyo tulichapa jina pande zote mbili za kadi. Igeuke itakavyo.

Kamba nazo zilikuwa zinashuka sentimita 45, zikaishia kitovuni, na mtu akikaa beji inaingia chini ya meza. Tulifunga fundo nyuma ya shingo kwa kila moja, hadi kadi ikapanda kifuani, na kazi hiyo ndiyo iliyotukesha kuliko uchapaji wote.

Basi wewe uliyepewa beji za kongamano la mwezi ujao, usianze na mia tatu. Chapa moja, ya mshiriki mwenye jina refu kuliko wote. Itoboe, mvalishe mtu, mwambie atembee kidogo chini ya feni kisha asimame. Rudi nyuma hatua nne, umwite jina lake. Ukijikuta unamwita “mheshimiwa”, zima printa.