Mnana wa Mto Mbaka

Masika yalipoanza Kyela, minana walihamia kwenye matete yanayoinamia Mto Mbaka, karibu na ziwa. Dume mmoja kijana akachana majani ya mpunga kwa mdomo, utepe baada ya utepe, akafuma kiota cha kijani kibichi. Alipomaliza akaning'inia chini yake akipiga mabawa, akimwita Jike ambaye yeye alimpenda tangu kiangazi.

Jike akaingia, akavuta nyuzi huku na huku, akakagua. Kiota kilikuwa imara, ila moyo wa Jike haukumtaka mwenye kiota. Akaogopa kumuumiza kijana wa watu, akasema, "Kizuri, lakini mlango unaelekea upepo wa ziwani."

Dume akafumua mlango, akaugeuza. Jike akasema kiko chini mno, mto ukifurika itakuwaje? Dume akafuma kingine juu zaidi. "Basi ngoja mpunga uvunwe," akaambiwa, akangoja. Kila asubuhi alimletea punje, naye Jike akizila, maana aliona kukataa chakula ni kukosa adabu.

Kiota cha mnana hubaki kibichi kwa muda wa wiki moja hivi. Kikishakauka kikawa kahawia, majike wengine hawakiangalii. Kila sababu ya upole ilimpa Dume kazi mpya ya kurekebisha, na msimu wake ukawa unapita.

Shangazi Fundichuma, mjenzi wa viota vikubwa, akamwita Jike. "Mwanangu, kile kiota kina kasoro gani?"

"Hakina, shangazi."

"Na yeye unampenda?"

"Hapana."

"Basi mwambie hilo, usimsingizie mlango. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na usiseme mbele ya kundi."

Alfajiri Jike akamkuta peke yake kwenye mkakao. "Ndaga, kaka, kwa kunipenda na kwa kazi yote hii. Mimi sitaki tuwe wachumba, na sitabadilika mvua zikiisha. Kiota chako hakina kasoro. Sababu nilizokupa hazikuwa za kweli, nisamehe. Na punje usiniletee tena."

"Nikijenga kingine kule Matema?"

"Hapana, kaka. Popote utakapojenga, jibu langu ni hilohilo."

Dume akainamisha kichwa. Jike alitamani kumwambia atakuja kila jioni wapige soga, apoe. Nadhani hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu aliyekataliwa akitembelewa jioni ileile huanza kuhesabu upya. Jike akamuaga, akaruka.

Siku ile Dume hakula. Baada ya siku mbili akaleta punje moja, akaiweka tawini. Jike akamsalimia kwa heshima, "Ugonile, kaka," punje akaiacha palepale. Hakununa, wala hakueleza upya.

Wiki hiyo Dume akabomoa kiota cha kahawia, akaenda shambani kuchana majani mabichi.